Farasi Hamsini Zaidi, Gari Jepesi na Gari Zito

Mwaka 1974 jarida la magari la Marekani liitwalo Motor Trend lilichapisha vipimo vya magari yaliyokuwa sokoni nchini humo. Magari 32 ya matoleo ya 1973 na 1974 yalichukuliwa kutoka kurasa hizo, yakatumiwa na wanatakwimu Henderson na Velleman katika makala yao ya mwaka 1981, na leo jedwali hilo limo ndani ya programu ya takwimu ya R kwa jina `mtcars`. Ukiifungua R utalikuta, bila kulipakua popote. Humo mna Toyota Corolla, Datsun 710, Fiat 128 na Mercedes kadhaa. Mna pia majitu ya Kimarekani ya enzi hizo, Cadillac Fleetwood, Lincoln Continental na Chrysler Imperial, kila moja likiwa na uzito wa zaidi ya kilo 2,300.

Safu tatu za jedwali hilo ndizo zitakazotushughulisha. Ya kwanza ni `mpg`, yaani maili ambazo gari linakwenda kwa galoni moja ya mafuta. Galoni ya Marekani ni kama lita 3.8, kwa hiyo maili 20 kwa galoni ni sawa na kilomita 8.5 kwa lita. Ya pili ni `hp`, nguvu ya injini kwa kipimo cha nguvu za farasi. Ya tatu ni `wt`, uzito wa gari kwa maelfu ya ratili, na ratili elfu moja ni kilo 454 hivi.

Swali ni jepesi kuliuliza: ukiongeza nguvu ya injini, unapoteza maili ngapi kwa kila galoni? Njia ya kawaida ya kulijibu ni kupitisha mstari wa regresheni unaotabiri `mpg` kutokana na nguvu na uzito kwa pamoja. Ukifanya hivyo unapata kwamba, kwa magari yenye uzito sawa, kila farasi mmoja anapunguza maili 0.032 kwa galoni. Farasi 50 wanapunguza maili 1.6.

Jibu hilo lina dai ambalo halikutamkwa. Linadai kwamba farasi 50 wanagharimu maili 1.6 katika Honda Civic ya kilo 730 na pia katika Lincoln ya kilo 2,460. Hakuna aliyepima jambo hilo. Limetokana na umbo la hesabu tuliyoichagua. Hesabu ya kujumlisha tu, nguvu kwa upande wake na uzito kwa upande wake, haina nafasi ya kusema kwamba athari ya nguvu inategemea uzito. Ili kuipa nafasi hiyo tunaongeza kitu cha tatu: nguvu ikizidishwa kwa uzito. Hicho ndicho wanatakwimu wanakiita mwingiliano. Katika R kinaandikwa kwa alama ya kuzidisha:

```
m1 <- lm(mpg ~ hp * wt, data = mtcars)
summary(m1)
```

Matokeo yake, kwa kukaribisha namba, ni haya:

```
mpg = 49.81 - 0.120*hp - 8.22*wt + 0.0278*hp*wt
```

Nguvu na uzito vyote ni vipimo vya mfululizo, vinavyopanda kidogo kidogo bila kukatika, tofauti na makundi kama petroli na dizeli. Kwa makundi mwingiliano ni rahisi kuuona, kwa kuwa unachora mstari mmoja wa petroli na mmoja wa dizeli kisha unalinganisha. Kwa vipimo vya mfululizo hakuna mistari miwili. Kuna mistari isiyo na idadi, mmoja kwa kila uzito unaoweza kuutaja, na kila mmoja una mwinamo wake. Kazi yote iliyobaki ni kuielewa mistari hiyo bila kuichora yote.

Njia ni kuipanga upya hesabu ile ile. Kusanya pamoja kila kitu kinachozidishwa na `hp`:

```
(-0.120 + 0.0278*wt) * hp
```

Kilichomo ndani ya mabano ndicho mwinamo wa nguvu, na sasa si namba moja tena. Ni namba inayobadilika kadiri uzito unavyobadilika: kila ratili elfu moja zinapoongezeka, mwinamo unapanda kwa 0.0278, yaani hasara ya kila farasi inapungua. Namba ya mwingiliano haisemi athari ya nguvu ni ipi wala athari ya uzito ni ipi. Inasema athari ya kimoja inabadilika kwa kasi gani unapotembea juu ya kingine. Na inasema hivyo kwa pande zote mbili kwa usawa: ukikusanya kila kinachozidishwa na `wt` utakuta mwinamo wa uzito nao unabadilika kwa 0.0278 ileile kwa kila farasi. Hesabu haijui kipi kinamwathiri mwenzake. Kusema "uzito unabadili athari ya nguvu" badala ya "nguvu inabadili athari ya uzito" ni uamuzi wa mtafiti, kulingana na swali lake.

Hapo ndipo wasomaji wengi wa matokeo hujikwaa. Katika hesabu ya kwanza, isiyo na mwingiliano, farasi mmoja aligharimu maili 0.032. Katika hii ya pili, kwenye mstari wa `hp`, imeandikwa 0.120. Mtu anaona athari ya nguvu imekuwa karibu mara nne baada ya kuongeza kitu kimoja tu, na anaandika katika ripoti yake kwamba sasa ndipo ukweli umejitokeza. Nimeisoma sentensi ya namna hiyo katika kazi nyingi mno, na kila mara nasikitika, kwa sababu aliyeiandika amefanya hesabu sahihi na kuisoma vibaya.

Rudi kwenye mabano. Mwinamo wa nguvu ni −0.120 pekee pale tu ambapo `wt` ni sifuri. Namba iliyochapishwa kwenye mstari wa `hp` ni athari ya nguvu katika gari lisilo na uzito wowote. Vivyo hivyo, ile −8.22 kwenye mstari wa `wt` ni athari ya uzito katika gari lenye injini isiyo na nguvu hata ya farasi mmoja. Na 49.81 ya mwanzo ni maili za gari lisilo na uzito wala nguvu. Magari hayo hayapo. Jepesi kuliko yote katika jedwali, Lotus Europa, lina ratili 1,513. Programu haikukosea: imejibu swali iliyoulizwa, nalo ni swali la mahali ambapo hapana gari.

Dawa yake ni kuihamisha sifuri. Badala ya kupima uzito kuanzia kwenye utupu, upime kuanzia kwenye gari la wastani. Wastani wa uzito wa magari haya 32 ni ratili 3,217, kama kilo 1,460, na wastani wa nguvu ni farasi 147. Toa wastani kutoka kwa kila thamani, kisha zidisha, kisha rudia hesabu. Kitendo hiki ndicho kuweka vipimo kwenye kati.

```
g <- mtcars
g$hp_k <- g$hp - mean(g$hp)
g$wt_k <- g$wt - mean(g$wt)
m2 <- lm(mpg ~ hp_k * wt_k, data = g)
```

Sasa gari lenye `wt_k` sifuri ni gari la kilo 1,460, na gari lenye `hp_k` sifuri ni gari la farasi 147. Matokeo yanabadilika hivi:

```
mpg = 18.90 - 0.0305*hp_k - 4.13*wt_k + 0.0278*hp_k*wt_k
```

Gari la uzito wa wastani na nguvu ya wastani linatabiriwa kwenda maili 18.9 kwa galoni. Katika gari la uzito wa wastani, kila farasi anagharimu maili 0.0305. Katika gari la nguvu ya wastani, kila ratili elfu moja zinagharimu maili 4.13. Kila namba sasa inazungumzia gari ambalo lingeweza kuwa barabarani, na ile ya nguvu imerudi karibu na 0.032 tuliyoanza nayo. Athari haikuwa imepanda mara nne. Ilikuwa imepimwa mahali pengine.

Tazama pia kisichobadilika, maana hapa pana fundisho potofu lililoenea sana. Namba ya mwingiliano ni 0.0278 kabla na 0.0278 baada. Kosa sanifu lake, yaani kipimo cha jinsi makadirio yangeyumba kama tungepata magari mengine 32 ya aina hiyohiyo, ni 0.0074 kabla na 0.0074 baada. Utabiri wa kila gari ni uleule, na sehemu ya tofauti za `mpg` inayoelezwa na hesabu ni asilimia 88.5 katika zote mbili. Ni hesabu moja iliyoandikwa kutoka sehemu mbili za kusimama.

Hata hivyo wanafunzi wengi hufundishwa kwamba kazi ya kuweka kwenye kati ni kuondoa uhusiano mkali kati ya nguvu yenyewe na zao la nguvu kwa uzito, ambao unasemekana kuvuruga makadirio. Ukitazama juujuu utaona ushahidi: kosa sanifu la `hp` lilikuwa 0.0247, na baada ya kuweka kwenye kati likashuka hadi 0.0075. Inaonekana kana kwamba tumepata uhakika mara tatu zaidi bila kupima hata gari moja jipya. Lakini hatukupata habari yoyote mpya. Kosa la 0.0247 ni la makadirio ya athari ya nguvu katika gari lisilo na uzito, mbali na magari yote tuliyo nayo, na ni haki mashaka ya huko yawe makubwa. Kosa la 0.0075 ni la makadirio katikati ya magari, mahali penye data nyingi. Yale yalikuwa mashaka ya swali moja na haya ni mashaka ya swali lingine. Mtu anayetaka kupima mwingiliano wenyewe hapati faida hata chembe kwa kuweka kwenye kati. Faida iko katika kusomeka kwa namba nyingine, na mimi naona faida hiyo inatosha.

Kosa la utendaji linalotokea mara kwa mara ni la mpangilio. Baadhi huzidisha kwanza, kisha huondoa wastani kutoka kwenye zao. Hilo halihamishi sifuri ya uzito wala ya nguvu; linabadili tu 49.81 ya mwanzo, na namba za `hp` na `wt` zinabaki za magari yasiyokuwepo. Dalili yake ni rahisi kuiona: ukiwa umeweka vipimo kwenye kati na bado mstari wa `hp` unasema −0.120, umeondoa wastani mahali pasipo.

Tumejua athari ya nguvu katika gari la wastani. Lakini kama mwingiliano upo, gari la wastani ni sehemu moja tu ya habari. Desturi iliyoenea, hasa tangu kitabu cha Aiken na West cha mwaka 1991 kuhusu mwingiliano katika regresheni, ni kuisoma hesabu mahali patatu: chini, kati na juu. Kati ni wastani. Chini na juu ni umbali wa mkengeuko sanifu mmoja kutoka wastani, yaani umbali ambao kwa kawaida magari hutawanyika kutoka katikati yao. Kwa uzito wa magari haya mkengeuko sanifu ni ratili 978, kilo 444 hivi. Kwa hiyo gari letu la chini lina ratili 2,239, la kati 3,217 na la juu 4,196. Kwa kilo ni 1,015, 1,460 na 1,903.

Mwinamo wa kila sehemu unaweza kupigwa kwa mkono kutoka kwenye mabano yetu, lakini kosa sanifu lake si rahisi hivyo, kwani linahitaji kujua jinsi makadirio mawili yanavyoyumba pamoja. Hapa hila ile ya kuihamisha sifuri inasaidia tena. Ihamishe hadi kwenye uzito wa chini, na mstari wa `hp` utakupa athari ya nguvu hapo pamoja na kosa sanifu lake:

```
g$wt_chini <- g$wt - 2.239
summary(lm(mpg ~ hp * wt_chini, data = g))
```

Rudia kwa 4.196 upate ya juu. Umeifanya programu isimame mahali unapotaka na kutazama kutoka hapo.

Majibu ni haya. Katika gari jepesi farasi mmoja anagharimu maili 0.058, na kwa uhakika wa asilimia 95 thamani hiyo iko kati ya 0.037 na 0.079. Katika gari la kati anagharimu 0.031, kati ya 0.015 na 0.046. Katika gari zito anagharimu 0.003, na mipaka yake inaanzia hasara ya 0.025 hadi faida ya 0.019. Kwa farasi 50, gari jepesi linapoteza maili 2.9 kwa galoni, la kati maili 1.5, na zito hata robo ya maili halipotezi.

Ukiichora mistari hiyo mitatu, nguvu ikienda kulia na maili zikipanda juu, mwingiliano unaonekana mara moja: mstari wa gari jepesi unaanza juu na kushuka kwa kasi, wa kati unashuka polepole, na wa gari zito umelala karibu bapa. Ningependa kila ripoti yenye mwingiliano iwe na mchoro huo.

Kuna mambo mawili ya kuchunga katika kuisoma mistari hii. La kwanza ni kwamba athari ya gari zito kutotofautishika na sifuri si uthibitisho kwamba ni sifuri. Mipaka yake inaruhusu hasara ya maili 0.025 kwa farasi, ambayo ni kubwa karibu sawa na ya gari la kati. La pili linatokana na hilo: mtu hawezi kusema magari mepesi na mazito yanatofautiana kwa sababu tu athari moja imepita kipimo cha uhakika na nyingine haikupita. Tofauti yenyewe ndiyo namba ya mwingiliano, 0.0278, na inapimwa kwa kosa lake, 0.0074. Ni karibu mara nne ya kosa hilo, kwa hiyo si rahisi kuifanya bahati nasibu. Ushahidi wa tofauti unatoka hapo, na ile mistari mitatu ni ya kuieleza.

Sasa tulitazame lile gari la juu kwa makini zaidi, kwa kuwa humo ndimo mwenye mambo. Nani ana ratili 4,196 katika jedwali hili? Hakuna. Lililo karibu ni Mercedes 450SE lenye ratili 4,070. Baada ya hapo pana pengo tupu hadi ratili 5,250, ambapo yamesimama yale majitu matatu. Zaidi ya ratili 4,000 kuna magari manne tu. Wastani na mkengeuko sanifu vilihesabiwa kwa uaminifu, lakini hayo majitu matatu yameuvuta mkengeuko hadi "juu" ikaangukia ndani ya pengo.

Na majitu yenyewe yana habari ya ajabu. Cadillac lina farasi 205 na maili 10.4 kwa galoni. Lincoln lina farasi 215 na maili 10.4. Chrysler lina farasi 230, nguvu kubwa kuliko wenzake, na linakwenda maili 14.7. Katika upande mzito kabisa wa jedwali, gari lenye nguvu zaidi ndilo linalokwenda mbali zaidi. Gari moja kati ya 32, lililosimama pembeni kabisa, lina uzito mkubwa katika kuamua mstari wa magari mazito uiname vipi. Ndiyo maana hesabu yetu, ukiisukuma kupita ratili 4,312, inaanza kusema kwamba kuongeza nguvu kunaokoa mafuta. Pale ndipo mabano yale yanapovuka sifuri. Hakuna fundi atakayelikubali dai hilo, na wala si lazima tulikubali: hesabu ya mwingiliano imelazimishwa kubadilika kwa kasi ileile kuanzia gari jepesi hadi zito, kwa hiyo ikishashuka kwa kasi fulani haiwezi kusimama inapofika sifuri. Inapita tu.

Njia mojawapo ya kukwepa mtego wa pengo ni kuacha mkengeuko sanifu na kutumia nafasi za magari yenyewe baada ya kuyapanga kwa uzito: robo ya kwanza, katikati ya foleni, na robo ya tatu. Kwa jedwali hili ni ratili 2,581, 3,325 na 3,610, na pande zote za kila sehemu kuna magari ya kutosha. Hasara ya farasi mmoja katika sehemu hizo ni maili 0.048, 0.028 na 0.020. Tazama ya mwisho. Mipaka yake ni kati ya 0.003 na 0.036, yaani nguvu bado inagharimu mafuta. Ukiita ratili 4,196 "juu", nguvu haina gharama inayoonekana katika magari mazito. Ukiita 3,610 "juu", inayo. Data ni ileile na hesabu ni ileile. Kilichobadilika ni mahali aliposimama msomaji, na ripoti isiyotaja mahali hapo kwa ratili au kilo, ikasema tu "magari mazito", haijasema kitu.

Kuna njia ya zamani isiyohitaji kuchagua sehemu tatu kabisa. Johnson na Neyman waliiandika mwaka 1936. Wao hawaulizi athari ni ipi hapa au pale. Wanauliza ni kuanzia wapi hadi wapi athari haitofautishiki na sifuri. Kwa magari yetu, jibu ni kati ya ratili 3,690 na 5,900. Chini ya 3,690 nguvu inagharimu mafuta kwa uhakika wa asilimia 95. Mpaka wa pili, 5,900, uko nje ya jedwali, kwani Lincoln, zito kuliko yote, lina ratili 5,424, kwa hiyo tuuache. Sasa inaeleweka kwa nini 3,610 na 4,196 zilitoa hukumu tofauti: mpaka unapita katikati yao. Mimi naipendelea njia hii katika ripoti, ikiandamana na mchoro, kwa sababu haimruhusu mtafiti kuchagua sehemu zinazompendeza.

Upande mwepesi nao una mipaka yake, ila ya namna nyingine. Magari yenye ratili chini ya 2,700 katika jedwali yana farasi kati ya 52 na 113. Hakuna gari jepesi lenye farasi 200. Mwinamo wa 0.058 ni wa kuaminika ndani ya farasi hao. Kuuvuta mstari wa gari jepesi hadi farasi 300 kwa kuwa Maserati Bora ina 335 ni kuchora gari ambalo Motor Trend haikulipima. Mistari yote mitatu inafaa ikomeshwe pale ambapo magari ya uzito huo yanakoma.

Limebaki swali ambalo kwa maoni yangu lingepaswa kuulizwa kabla ya yote: kwa nini tupime kwa maili kwa galoni? Mwenye gari hanunui maili, ananunua mafuta. Safari ya maili 300 kwa gari la maili 30 kwa galoni inakula galoni 10, na kwa gari la maili 25 inakula galoni 12. Zimeongezeka galoni mbili kwa kupoteza maili tano. Gari la maili 15 kwa galoni linakula galoni 20 katika safari hiyo, na ili nalo lile mbili zaidi linatosha lishuke hadi maili 13.6. Hasara ileile ya mafuta inaonekana kama maili tano katika gari lisilokula sana na kama maili moja na nusu katika gari lenye ulafi. Kipimo cha maili kwa galoni chenyewe kinabana tofauti za magari mazito.

Basi tuirudishe hesabu yetu kwenye galoni. Katika gari la chini, la kilo 1,015, kupanda kutoka farasi 60 hadi 110 kunashusha utabiri kutoka maili 27.9 hadi 25.1. Kwa kila maili 100 hiyo ni nyongeza ya galoni 0.41. Katika gari la kati, kutoka farasi 122 hadi 172, utabiri unashuka kutoka maili 19.7 hadi 18.1, na nyongeza ni galoni 0.43. Kwa maili farasi 50 walikuwa wakiligharimu gari jepesi karibu mara mbili ya gari la kati. Kwa galoni, gharama imelingana. Katika gari zito, kutoka farasi 180 hadi 230, nyongeza inabaki ndogo, galoni 0.08 hivi. Tofauti iliyosalia yote imeegemea upande ule wenye magari manne, pengo, na Chrysler moja. Anayetaka kuupima mwingiliano kwa haki kwenye mizani hii ataweka `100/mpg` mahali pa `mpg`, atairudia hesabu nzima, kisha ataiondoa Chrysler Imperial na kuirudia tena.